Templeti ya kwanza ya kuuza: daftari la vyumba vya wageni

Kama uko Lamu, intaneti yako ni nzuri na hujui utengeneze nini, usianze na kalenda za rangi wala mipango ya bajeti. Vitu hivyo viko tele mtandaoni, tena vingi ni vya bure. Tafuta mtu anayepata hasara kwa sababu ya daftari. Mji wa Lamu na Shela zina nyumba nyingi za wageni: mwenyewe anapokea wageni kwa WhatsApp, mwangalizi wa nyumba anapokea kwa simu, na wengine wanatoka Airbnb. Ikifika Desemba, chumba kimoja kinapewa watu wawili. Hapo ndipo pa kuanzia.

Omba ukae na mwangalizi nusu saa, uangalie anaandika nini na kwa mpangilio gani. Kisha fungua Google Sheets ufuate mpangilio wake: safu ya A chumba, B mgeni, C siku ya kuingia, D siku ya kutoka, E hali. Usinakili majina wala nambari za simu za wageni halisi. Hiyo ni data ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda. Weka majina ya kubuni.

Kwenye E2 andika fomula hii, kisha iburute chini hadi mstari wa 500:

```
=IF(A2="","",IF(COUNTIFS(A:A,A2,C:C,"<"&D2,D:D,">"&C2)=1,"SAWA","ANGALIA"))
```

Inahesabu mistari yote ya chumba hicho ambayo siku zake zinaingiliana na za mgeni huyu. Mstari wenyewe unajihesabu, kwa hiyo jibu zuri ni 1. Chukua mfano wa Chumba cha Juu: mgeni wa kwanza anakaa 20/12/2025 hadi 24/12/2025, na wa pili ameandikwa 23/12/2025 hadi 27/12/2025. Mistari yote miwili itasema ANGALIA. Wa pili akisogezwa aingie tarehe 24, yote inarudi SAWA, maana anayetoka asubuhi hamzuii anayeingia jioni.

Tabu kubwa iko kwenye tarehe. Faili likiwa limewekwa mtindo wa Marekani, 03/12/2025 inasomwa kuwa tarehe 12 Machi, na 20/12/2025 haisomwi kabisa, inabaki maandishi tu. Utaijua kwa kuangalia seli: tarehe ya kweli hukaa kulia, maandishi hukaa kushoto. Nenda File, kisha Settings, na kwenye Locale uchague United Kingdom. Halafu tumia Data validation. Safu ya A iwe na orodha ya kuchagua, kwa sababu "Chumba 1" na "Chumba1" kwa kompyuta ni vyumba viwili tofauti. C ikubali tarehe tu. D ipe sharti hili kwa Custom formula is, uchague Reject the input:

```
=AND(ISNUMBER(D2),D2>C2)
```

Safu ya E ilinde kwa onyo, si kwa kufuli. Mnunuzi akinakili faili anakuwa mmiliki wake, na mmiliki hazuiwi na kufuli. Onyo humshtua kabla hajafuta fomula kwa kidole.

Faili la asili lishirikishe kama Viewer, kamwe si Editor, la sivyo wateja wote wataandika ndani ya faili moja na kila mmoja ataona wageni wa mwenzake. Kwenye kiungo, futa kuanzia neno `edit` hadi mwisho, uandike `copy`. Anayekibonyeza anaulizwa kama anataka nakala yake. Kwenye simu wakati mwingine kiungo hufungua programu bila kunakili. Mwambie akifungue kwa Chrome, achague Desktop site.

Rekodi skrini ya simu yako kwa dakika tatu, ukionyesha jinsi ya kuongeza mgeni na la kufanya ANGALIA ikitokea. Rekodi kwenye simu, kwa maana mwangalizi hana kompyuta. Kwa maoni yetu, video hiyo ndiyo inayouza, kuliko faili lenyewe. Bei ya kuanzia inayofaa ni shilingi 500 kwa nakala na video, na 2,000 ukimjazia vyumba vyake na kumfundisha mtu wake. Pokea kwa M-Pesa kabla ya kutuma kiungo, maana ukishakituma hakirudi.

Mwenye dau la kupeleka watalii Manda atakuja akitaka daftari lake. Usimpe hili lilivyo: safari inaanza na kuisha siku moja, kwa hiyo D haiizidi C na sharti litamkataza. Mwekee tarehe na saa kwenye seli moja, 24/12/2025 08:00 hadi 24/12/2025 12:00, na C na D uzipangie muundo wa Date time. Juu ya safu mwandikie wazi kwamba saa mbili asubuhi inaandikwa 08:00. Nahodha mmoja akiandika 02:00 na mwenzake 08:00 kwa safari ile ile, fomula itasema SAWA kwa wote wawili, na watalii wa makundi mawili watakutana gatini wakisubiri dau moja.