Mzee amekataa kukatwa mguu

"Baba ana kisukari, mguu umeoza na amekataa ukatwe. Tumewaomba madaktari hapa Nairobi wamdunge usingizi wakate tu, wamekataa. Si wanamwacha afe?"

Pole sana, dada. Madaktari wako sahihi, mradi mzee anajielewa. Sheria ya Afya ya 2017 inampa haki ya kukataa matibabu baada ya kuelezwa madhara, na sahihi yako haiwezi kufuta uamuzi wake.

Mwombeni aeleze mwenyewe mguu una nini na nini kitatokea usipokatwa. Akisema, "Sumu itaingia kwenye damu nife, lakini sitaki kuishi bila mguu," ameshapima, hata kama inatuuma. Hapo muulizeni anaogopa nini hasa: maumivu, gharama, au kuwa mzigo kwenu? Wengine hubadili msimamo baada ya kuongea na mtu anayetembea kwa mguu bandia.

Akisema mguu ni mzima ilhali unanuka wodi nzima, hali ni nyingine. Apimwe sukari mara moja. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, apewe glukosi hata akisukuma mkono wa nesi, maana ubongo umekosa chakula. Akizinduka, aulizwe upya. Maambukizi yakisambaa pia huvuruga akili. Kama hayatoi nafasi ya kungoja, madaktari wanaweza kuamua kwa faida yake.

Ila kama alikataa akiwa timamu, kuchanganyikiwa baadaye hakufuti neno lake. Kungoja azimie ndipo akatwe, kwangu mimi, ni kumvizia.