Maswali na majibu: kikomo cha n log n

Mnasema hakuna njia ya kupanga namba n kwa kuzilinganisha mbili mbili inayoshinda n log n. Labda tu mwerevu wa kuipata hajazaliwa?

Hata akizaliwa, hesabu itamzuia. Chukua namba 5 tofauti. Zinaweza kukujia katika mipangilio 5! = 120, na programu haijui ni upi mpaka iulize. Kila inapolinganisha namba mbili hupata jibu moja kati ya mawili: hii ni ndogo kuliko ile, au siyo. Ukiiruhusu kuuliza mara 6, majibu yanaweza kufuatana kwa namna 2^6 = 64 tu. Basi lazima ipo mipangilio miwili inayotoa majibu yaleyale. Programu itaihamisha kwa hatua zilezile, na mmoja kati ya hiyo utatoka haujapangika. Hivyo katika hali mbaya zaidi huwezi kushuka chini ya mara 7, maana 2^7 = 128.

Kwa namba n, mipangilio ni n!. Nusu ya vizidishi vya n! ni n/2 au zaidi, kwa hiyo n! haipungui (n/2)^(n/2). Maswali k hutofautisha mipangilio 2^k tu, basi hayapungui (n/2)·log2(n/2). Hapo ndipo n log n inapotoka, na hatujagusa kabisa programu imeandikwaje.

Sasa kupanga kwa kuhesabu kunapitaje hapo?

Hakulinganishi chochote. Tuseme alama za mtihani ni 0 hadi 100. Unatenga visanduku 101, idadi[0] hadi idadi[100], vyote vikianza na 0, kisha:

```
for a in alama:
    idadi[a] += 1
```

Alama yenyewe ndiyo anwani. Hatua moja inachagua kisanduku kimoja kati ya 101, wakati ulinganisho huchagua kati ya mawili tu. Kwa watahiniwa 1,000,000, kulinganisha kunaweza kudai maswali zaidi ya milioni 18. Kuhesabu kunapitia orodha mara mbili na visanduku mara moja.

Nikipanga majina kwa alama, wenye alama sawa hugeuzana nafasi. Kwa nini?

Huenda unaanza mbele ya orodha unapowaweka. Tazama: Asha 2, Juma 0, Neema 2, Baraka 1. Idadi za alama 0, 1 na 2 ni 1, 1, 2. Ukizijumlisha kwa kufuatana unapata 1, 2, 4, yaani nafasi ya mwisho ya kila alama. Anzia nyuma: Baraka anakaa nafasi ya 2, Neema ya 4 (alama 2 sasa inabaki na 3), Juma ya 1, Asha ya 3. Asha amebaki mbele ya Neema. Ukianzia mbele, Asha ndiye angechukua ya 4.

Naweza kuitumia njia hii ya kuhesabu kwa namba za simu?

Si moja kwa moja. Tarakimu 9 zinadai visanduku bilioni moja, hata kama una namba 500 tu. Panga kwa tarakimu moja moja ukianzia ya kulia kabisa: mizunguko 9, visanduku 10. Hapo usipoanzia nyuma kama kwa Asha na Neema, kila mzunguko utavuruga kazi ya uliotangulia.