Rezista ya nusu wati haibebi nusu wati ndani ya boksi la bati

Ukinunua rezista ya nusu wati pale Kariakoo, hiyo nusu wati ina sharti lake. Kwa rezista nyingi za kawaida, za kaboni na za utando wa metali, kiwanda kinaahidi kwamba itabeba wati zake zote mradi hewa inayoizunguka isizidi nyuzi 70 za Selsiasi. Hewa ikipita hapo, wati zinazoruhusiwa zinapungua kidogo kidogo hadi kufika sifuri kwenye nyuzi 155. Hesabu ya wati mafundi wengi tunaijua. Hili sharti ndilo tunaloliruka, kwa sababu hata Februari joto la Dar huwa nyuzi 32 au 33 na 70 inaonekana iko mbali sana. Lakini hewa inayohesabiwa si ya mtaani wala ya chumbani. Ni ile inayoigusa rezista yenyewe.

Niliitwa Kigamboni kwenye nyumba inayovuta maji ya kisima kwa pampu ya sola ya volti 24. Baada ya shikamoo, mzee mwenye nyumba akanieleza: "Fundi, mchana inavuta vizuri tu. Alfajiri watu wanataka kuoga, inagoma. Betri nimeshabadilisha."

Boksi lilikuwa la bati, limefungwa ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri, na ndani yake kuna chaji kontrola yenye hitisinki kubwa. Pampu iliwashwa na rilei. Aliyeunga mfumo alikuwa na rilei ya volti 12, kwa hiyo akaipunguzia volti kwa rezista ya omu 390, nusu wati, iliyounganishwa mfululizo na koili. Koili ya rilei hizo ndogo ina omu kama 400, hivyo volti zinagawanyika karibu nusu kwa nusu. Wazo lenyewe halina ubaya.

Hesabu yake pia ilikuwa sahihi kwa volti 24. Jumla ya omu ni 790, mkondo ni kama miliampea 30, na rezista inapata wati 0.36. Nusu wati inatosha, na inaonekana hata imebaki nafasi. Tatizo ni kwamba betri za volti 24 hazikai kwenye 24. Jua likiwa kali na kontrola inachaji kwa nguvu, betri za risasi hufika volti 28.8, na wakati huohuo ndipo pampu inapofanya kazi. Hesabu inakuwa hivi:

```
I = 28.8 / (390 + 400) = 0.0365 A
P = I × I × R = 0.0365 × 0.0365 × 390 = 0.52 W
```

Volti zimeongezeka kwa asilimia 20, wati zimeongezeka kwa asilimia 44, kwa sababu wati hufuata mraba wa mkondo. Ndiyo maana napiga hesabu kwa volti ya juu kabisa ambayo mfumo unaweza kufika, si ile iliyoandikwa kwenye betri.

Kisha likaja joto. Niliingiza waya wa kupimia joto wa mita yangu kando ya hitisinki, pale rezista ilipokaa, nikafunga mlango wa boksi na kusubiri. Hewa ilifika nyuzi 80. Kutoka 70 hadi 155 kuna nyuzi 85, na kutoka 80 hadi 155 zimebaki 75. Gawanya 75 kwa 85, unapata 0.88. Rezista ya nusu wati hapo ndani inaruhusiwa wati 0.44 tu, na sisi tunaipa 0.52.

Mimi napenda kuigeuza hesabu hiyo iseme mwili wa rezista unafika nyuzi ngapi, kwa sababu hapo unaona kabisa kinachotokea. Nusu wati inaruhusiwa kupandisha mwili kwa nyuzi 85 juu ya hewa, maana yake kila wati moja inaupandisha nyuzi 170. Kwa wati 0.52 mwili unapanda nyuzi 88, na ukijumlisha 80 za hewa unapata 168. Kikomo ni 155. Rezista ya wati moja ina mwili mkubwa zaidi wa kutolea joto: kila wati inaupandisha nyuzi 85, kwa hiyo ingefika 124. Ya wati mbili ingefika kama 102.

Rezista iliyozidiwa kiasi hiki haiungui siku hiyohiyo. Ingeungua ingekuwa afadhali, maana ungeiona. Ya Kigamboni rangi zake zilikuwa zimefifia, bodi chini yake imegeuka kahawia, na risasi kwenye miguu yake imeanza kupasuka duara. Nilipoinua mguu mmoja na kupima, ilisoma karibu omu 700. Rezista za utando zikipikwa muda mrefu kwa kawaida omu zake hupanda. Sasa angalia: mchana, volti 28.8 zikigawanywa kwa omu 700 na 400, koili inapata volti 10.5 na rilei inanasa. Alfajiri betri ziko kwenye 24, koili inapata 8.7. Rilei hizi zinahitaji kama robo tatu ya volti yake, yaani 9, ili zinase. Ndiyo hiyo pampu ya mzee, na betri mpya zisingeiponya.

Je, wati moja inatosha? Kwa rezista yenyewe, ndiyo, nyuzi 124 iko chini ya kikomo. Lakini bodi za kahawia za bei nafuu zinaanza kubabuka kabla ya hapo, na risasi haipendi kupata joto na kupoa kila siku. Kanuni yangu ni kwamba baada ya kupunguza wati kwa ajili ya joto, nitumie nusu tu ya zilizobaki. Hapo wati moja inatoka, inaingia ya wati mbili.

Dukani huenda usipate omu 390 ya wati mbili. Chukua rezista nne za omu 390, nusu wati kila moja: unga mbili mfululizo, nyingine mbili mfululizo, kisha jozi hizo sambamba. Omu zinabaki 390, na kila moja inabeba robo, wati 0.13. Ziachanishe, zisigusane, la sivyo kila moja inapasha hewa ya mwenzake. Kuwa makini pia na zile zenye umbo dogo linalofanana na la robo wati lakini zinauzwa kama nusu wati. Kama huna karatasi ya vipimo vyake, mimi nazihesabu kwa umbo: urefu wa kama milimita 6 ni robo wati, 9 ni nusu, 11 ni moja, 15 ni mbili.

Kama rilei ya koili ya volti 24 inapatikana, weka hiyo na rezista uitoe kabisa. Siku ile haikuwepo, kwa hiyo niliweka ya wati mbili, nikaiinua milimita chache juu ya bodi na kuihamishia chini ya boksi, mbali na hitisinki, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu. Saa nane mchana, pampu ikiwa inavuta, nilipima mwili wake: nyuzi 91.