Viwavi kwenye mahindi: Kruskal-Wallis inatosha?

"Nina dawa 4, bloku 4, nimehesabu viwavijeshi kila ploti. Data imeegemea upande mmoja, sifuri ni nyingi. Nitumie Kruskal-Wallis?"

Ndugu, aliyekushauri uache ANOVA utumie Kruskal-Wallis amepatia nusu. Ni kweli ANOVA ya kawaida haifai hapa, lakini Kruskal-Wallis haizijui bloku zako. Jaribio la Friedman linazitambua, ila halikuambii dawa imepunguza viwavi kwa kiasi gani, na msimamizi wako atakuuliza hilo.

Hizo ni data za idadi, basi zipe modeli ya data za idadi. Anza na Poisson, kisha gawanya "Residual deviance" kwa digrii zake huru, ambazo kwako ni 9. Ukipata mfano 36/9 = 4, mtawanyiko umezidi sana na Poisson itakupa p ndogo za uongo. Hamia modeli ya negative binomial:

```r
library(MASS)
m <- glm.nb(viwavi ~ factor(bloku) + dawa, data = d)
```

Kuna dawa yenye sifuri kwenye ploti zote 4? Kosa sanifu lake litakuwa kubwa mno, usiliamini. Hapo mimi ningerudi Friedman, ingawa wenzangu wengine hawakubali.