Nafsi ya kuvunjwa ni ipi?

"Shehe wetu hapa Arua anasema nivunje nafsi, mshauri wa hospitali anasema nijithamini. Nimfuate nani?"

Wote wawili, maana hawazungumzii kitu kimoja. Ni kweli kwamba Kurani inaitaja nafsi iamrishayo maovu (12:53), lakini kuna pia ile inayojilaumu (75:2) na iliyotulia (89:27). Ingekuwa ya kuuawa, isingeitwa irudi kwa Mola wake imeridhika.

Ghazali, aliyefariki 1111, anaeleza kwamba hasira na matamanio hayang'olewi, yanafunzwa yatii. Na katika Bukhari, Abu Dardai alikuwa akifunga mchana na kusimama usiku kucha hadi mkewe akaachwa pembeni. Salmani alipomtembelea akakataa kula mpaka mwenyeji naye ale, akamlaza, wakaswali pamoja mwisho wa usiku. Akamwambia nafsi yako ina haki juu yako. Mtume akasema Salmani kasema kweli.

Nafsi ya kuvunjwa, ile inayong'ang'ania, utaijua hivi: umezoea kuongoza zikri, leo kapewa mwingine, na unarudi nyumbani umenuna. Hapo ndipo shehe anapopalenga. Kulala, kula, kumkatalia anayekuonea, hayo ni haki yako (ingawa kiburi nacho hujificha humohumo, hapo hata masufi hubishana).

Ila kama mshauri anakutibu huzuni nzito, mwambie shehe kabla hajakupa saumu za mfululizo. Anayejiona hafai kitu akizidishiwa kujidhili huumia zaidi.