"Hurudi alasiri": kwa mnaokuja Lamu kuhesabu viima kapa

Juzi nilikuwa uwanja wa Mkunguni, kikombe cha kahawa tungu mkononi, nikamwona kijana wa uzamili amemkalia mzee barazani. Kijana anasoma sentensi ya Kiingereza kwenye simu, mzee anafasiri. Mzee, kwa adabu zake, akamjibu neno kwa neno: "Yeye hunywa kahawa kila siku." Kijana akaandika "kiwakilishi kipo" kisha akapiga mstari chini yake. Kahawa nusura inipalie. Kosa lile ni langu, nililifanya kabla yake, na sikupenda kuliona likitembea na miguu ya mtu mwingine.

Basi haya ni yenu mnaokuja na kinasa sauti na dodoso kuhesabu viima kapa, yaani viima visivyotamkwa. Yana nambari, lakini msinishike kwenye nambari.

1. Mwanaisimu Taraldsen mmemsoma: tangu 1978 tunaambiwa kwamba upatanisho tajiri, yaani kitenzi kubeba alama ya nafsi ya kiima chake, ndio unaoruhusu kiima kudondoshwa. Mtaliano akisema parlo au parli, mwisho wa kitenzi umekwisha kutaja nafsi, kwa hiyo kiwakilishi cha nini tena? Kiswahili nacho kinaonekana binamu yake: navua, wavua, avua. Lakini tunayo hu- ya mazoea. Mimi huvua, wewe huvua, wao huvua, na hata nyavu hukatika na uzi hukatika. Kiambishi ni kimoja, hakijui nafsi wala ngeli. Kama utajiri wa upatanisho ndio leseni, basi kwenye hu- leseni imekwisha na viwakilishi vingepaswa kurudi. Hicho ndicho kipimo, na hamhitaji kupanda ndege kukitafuta.

2. Sasa aibu yangu. Nilipokuwa mwanafunzi nilitengeneza dodoso la sentensi 60 za Kiingereza, zote zikiwa na he, she, they. Nikazunguka nalo mitaa ya Langoni na Mkomani. Watu wakafasiri, na karibu kila mahali penye hu- pakatokea yeye au wao. Nikafurahi kama aliyeokota lulu. Nadharia imetabiri, Lamu imekubali! Nikaiandika sura nzima.

Sikujiuliza swali la mtoto: je, viwakilishi hivi vimeletwa na hu-, au vimeletwa na Kiingereza changu? Mtu ukimpa neno he afasiri, atalitafutia mahali. Angefanya hivyo hivyo hata kwenye anavua, na alifanya. Mimi viwakilishi vile nikaviita "mkazo" nikavipita. Kwenye hu- vilikuwa ushahidi, kwenye a- vilikuwa mkazo. Mizani yangu ilikuwa na jiwe upande mmoja.

Kibaya zaidi, nilikuwa na mazungumzo halisi kwenye kanda na sikuyasikiliza vizuri. Shangazi yangu aliulizwa na jirani mlangoni ami yuko wapi, akajibu: "Huenda Shela maji yakipwa, huvua pweza, hurudi alasiri. Ukimtaka, ndoo magharibi." Vitenzi vitatu vya hu- mfululizo, kiwakilishi hakuna hata kimoja, na jirani hakuuliza nani. Mimi kwenye jedwali nikaandika hivi: "huenda" ni labda, nikaitupa. "Huvua" nikaihesabu kuwa ajali ya mazungumzo. "Hurudi" nikaiweka kwenye kanusho la nafsi ya pili, yaani wewe hurudi, kwa hiyo ina upatanisho, kwa hiyo kiima kapa ni halali!

Mnaona mtego? Kwa vitenzi vya Kibantu irabu ya mwisho inakuokoa: huvua ni mazoea, huvui ni wewe usiyevua. Lakini rudi, fikiri, safiri na wenzao waliotoka Kiarabu hawabadiliki mwisho. Hurudi ni "huwa anarudi" na pia ni "wewe hurudi". Muktadha tu ndio unaoamua, na mimi muktadha nilikuwa nimeukata ili sentensi ikae vizuri kwenye safu. Siku ya semina nikacheza kanda ile mbele ya watu. Mwenzangu mmoja, mtu wa Faza, akacheka na kuuliza: "Shangazi yako anamwambia jirani kwamba yeye jirani harudi alasiri?" Sikuwa na jibu. Sura ile ikatoka kwenye tasnifu, na miezi kadhaa ikaenda nayo.

3. Nilipoanza upya nilitumia kipimo cha bure kabisa, nacho ni kumwingilia mtu bila utangulizi na kusikiliza kama atauliza "Nani?" Mwambie "Navua usiku", hatauliza. Mwambie "Huvua usiku", atauliza. Hapo ungedhani Taraldsen ameshinda. Lakini mwambie "Anavua usiku", naye atauliza vilevile! Kiambishi a- kimekupa nafsi ya tatu, umoja, kiumbe hai, hakikukupa mtu. Mtu anatoka kwenye mazungumzo, kama alivyotoka ami kwenye swali la jirani. Kwa hiyo katika nafsi ya tatu, utajiri wa kitenzi unapunguza orodha ya wanaowezekana, na kazi ya kumchagua mmoja inabaki kwa mada. Hu- hainyimi ruhusa; inaacha orodha ndefu zaidi, basi.

Ndiyo maana Kichina, kisicho na upatanisho kabisa, hudondosha viima bila haya, na mwanaisimu Huang alilisema hilo mwaka 1984. Na ndiyo maana napenda Jaeggli na Safir wa 1989 walivyotenganisha maswali mawili: nini kinaruhusu nafasi iwe tupu, na nini kinamtambulisha aliyemo. Kwao ruhusa inatokana na mfumo kuwa sare, ama maumbo yote yana viambishi au yote hayana. Huvua ni sare kwa nafsi zote, hivyo inapita. Kijerumani kinawasumbua, kina viambishi vya kutosha lakini kiima chenye maana hakiachwi, ila wao wanajibu kwamba kilichokosekana pale ni utambulisho.

Mtakutana na mbishi wa kusema kwamba Kiswahili hakidondoshi chochote, kwa kuwa a- yenyewe ndiyo kiwakilishi kilichoingia ndani ya kitenzi. Bresnan na Mchombo, 1987, walionyesha kwa Kichewa kwamba kiambishi cha kiima kinaweza kuwa upatanisho na pia kinaweza kuwa kiwakilishi. Sawa. Mpelekeeni hu-. Ndani ya huvua hakuna a- ya kujificha, na bado shangazi alisema alivyosema.

4. Msihesabu tu kama kiwakilishi kipo. Sikilizeni uzito wake. "Mimi naamka saa kumi" ina ushindani ndani yake, mwingine haamki. "Mimi huamka saa kumi" yaweza kuwa habari tulivu tu. Hapa upatanisho unaonyesha kazi yake kweli: unapokosekana, kiwakilishi kinafanya kibarua cha kawaida na mkazo unapungua. Hili lilikuwa kwenye kanda zangu tangu mwanzo.

5. Kanusheni kila sentensi. Huvua ikikataliwa inakuwa sivui, huvui, havui, na nafsi zinarudi.

6. Dodoso la kufasiri lichomeni.

Yule kijana wa Mkunguni nilimwambia azime simu amwulize mzee habari za mwanawe aliyeko Mombasa. Mzee akaanza: "Hupiga simu Ijumaa. Huuliza hali, hutuma chochote, hukata." Kijana akanyanyua kalamu, akauliza: "Nani, yeye?" Mzee akamtazama, akanigeukia mimi: "Huyu hasikii?"