Betri imeingiza Ah ngapi kama ampia za chaja zinashuka?

> "Wakuu, nina betri ya asidi ya 12V 100Ah, naichaji kwa umeme wa ukutani. Leo nimebana klampu kwenye waya wa chaja nikawa nasoma kila saa. Saa 2 asubuhi 10A, saa 3 10A, saa 4 10A, saa 5 6.1A, saa 6 3.7A, saa 7 2.2A, saa 8 mchana 1.4A. Fundi wa mtaani kaniambia nijumlishe ya kwanza na ya mwisho, nigawe kwa mbili, nizidishe kwa saa 6, napata 34Ah. Kijana wangu wa kidato cha sita anasema siyo, lazima kuintigreti. Nimsikilize nani?"

Mkuu, msikilize kijana. Fundi wako hajapotea mbali safari hii, lakini ni bahati ya namba zako. Niko Tandika, nafunga sola na inveta, na hesabu hii naifanya kila mteja anapolalamika kuwa betri "haishiki chaji".

Ampia ni kasi: ampia 1 maana yake kulombi 1 ya chaji inapita kwenye waya kila sekunde. Mkondo ukiwa umetulia, unazidisha tu kwa muda. Ukiwa unabadilika, unakata muda vipande vidogo kiasi kwamba ndani ya kila kipande mkondo ni kama haujabadilika, unazidisha kila kipande kivyake, halafu unajumlisha. Hicho ndicho anachokisema kijana kwa alama hii:

Q = ∫ I dt

Kwenye karatasi ya grafu, hilo ni eneo lililo chini ya mstari wa mkondo, muda ukiwa chini na ampia zikipanda juu. Fundi naye anatafuta eneo hilohilo, ila amechora mstari mmoja ulionyooka toka 10 mpaka 1.4 akasahau kilichotokea katikati.

Sasa tazama kilichotokea. Kuanzia saa 2 hadi saa 4 chaja ilikuwa inatoa uwezo wake wote, ampia 10 bila kuyumba. Kipindi hicho ni mstatili: 10 × 2 = 20Ah. Hakuna cha kuumiza kichwa hapo. Mnamo saa 4 volti za betri zikafika kikomo cha chaja, ambacho kwa betri hizi huwa karibu na 14.4V. Toka hapo chaja inashikilia volti zisipande, na betri yenyewe ndiyo inayoamua ipokee kiasi gani. Kadiri inavyojaa ndivyo inavyopokea kidogo, kwa hiyo mkondo unashuka haraka mwanzoni na polepole baadaye.

Kabla ya kuintigreti chochote, gawa kila usomaji kwa uliotangulia. 6.1 kwa 10 ni 0.61. 3.7 kwa 6.1 ni 0.61. 2.2 kwa 3.7 ni 0.59. 1.4 kwa 2.2 ni 0.64, na hiyo ya mwisho imeyumba kwa sababu klampu yako inaonyesha desimali moja tu. Kila saa mkondo unabaki takriban asilimia 61 ya ulivyokuwa. Uwiano ukiwa haubadiliki hivyo, mkondo unafuata umbo hili:

I = 10 e^(−t/τ)

Hapa t inahesabiwa kuanzia saa 4, siyo saa 2. Herufi τ ni muda ambao mkondo unachukua kushuka hadi asilimia 37 ya ulipoanzia. Kwako, saa 6 ulikuwa 3.7A kutoka 10A, kwa hiyo τ ni masaa mawili, unaisoma kwenye jedwali lako mwenyewe bila kikokotoo. Kijana akiintigreti toka t sifuri hadi t ya masaa manne atapata:

Q = 10 × 2 × (1 − e^(−2)) = 20 × 0.865 = 17.3Ah

Ongeza ule mstatili wa mwanzo, jumla ni 37.3Ah. Akitaka kulombi kwa ajili ya mwalimu wake, saa moja ina sekunde 3600, kwa hiyo azidishe: ni kama kulombi 134,000. Wengi wanateleza hapo kwa kuweka τ kwa saa huku ampia wakizichukulia kwa sekunde. Ukichanganya hivyo unapata kulombi 37 kwa asubuhi nzima, kiasi ambacho ampia 10 zinapitisha kwa sekunde nne.

Kama fomula inakusumbua, tumia trapeza, mimi ndiyo ninayoitumia zaidi nikiwa juu ya paa la mtu na kalamu. Kwa kila saa chukua wastani wa usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa saa hiyo. Toka saa 4: 8.05, kisha 4.9, kisha 2.95, kisha 1.8. Jumla 17.7. Imezidi jibu la fomula kwa asilimia mbili hivi, na lazima izidi: mstari wa mkondo umebonyea kwa chini, kwa hiyo kila kipande kilichonyooka unachochora kinapita juu yake kidogo. Ukisoma kila nusu saa, ziada hiyo inashuka hadi kama robo yake. Kijana akijua kanuni ya Simpson, kwa namba zako hizohizo atapata 17.3 palepale.

Turudi kwa fundi. Mstari wake ulionyooka unapita chini ya mkondo halisi asubuhi, unapita juu yake mchana, makosa mawili yakapunguzana na akatoka na 34 badala ya 37. Lakini tuseme ungechelewa kuamka ukaanza kusoma saa 4. Kwa njia yake ungepata (10 + 1.4) ÷ 2 × 4 = 22.8Ah, wakati zilizopita kwenye waya ni 17.3. Hapo amezidisha karibu theluthi nzima. Na ukiiacha betri kwenye chaja mpaka usiku, mkia ule wa ampia ndogondogo unarefuka na njia yake inazidi kupotoka, maana yeye anagawa kwa mbili kana kwamba mkondo ulitumia muda sawa juu na chini.

Hesabu ikishakaa sawa, shida inayobaki ni kipimo. Kuintigreti kuna tabia moja mbaya: kosa dogo lisilobadilika linajumlishwa kila saa inayopita. Kuna kijana wa fremu ya jirani aliniletea hesabu ya betri ya mteja wa Mbagala, imekaa kwenye chaja siku nzima, na kwa hesabu yake imepokea Ah nyingi kuliko inavyoweza kubeba. Trapeza zake zilikuwa safi kabisa. Nikamwambia afungue klampu, aifunge tena bila waya ndani. Ikasoma 0.4A. Ampia 0.4 za hewani kwa saa 24 ni 9.6Ah ambazo hazipo. Klampu za mkondo mnyoofu zina kihisi cha sumaku ambacho sifuri yake inahama, hasa joto likibadilika. Joto la Dar unalijua. Bonyeza ZERO taya zikiwa zimefungwa bila waya, na urudie kabla ya kila usomaji, siyo asubuhi peke yake. Usomaji wako wa 1.4A ndio ulio hatarini zaidi, kwa sababu 0.4 ndani ya 10 huioni, ndani ya 1.4 ni zaidi ya robo.

Usije ukaamua kukwepa klampu kwa kupitisha mkondo wote ndani ya multimita. Tundu la 10A kwenye mita nyingi za bei nafuu limeandikiwa sekunde chache tu kwa wakati mmoja. Saa mbili za ampia 10 zinaweza kuunguza fyuzi, au mita yenyewe, hasa kama ile fyuzi ilishawahi kubadilishwa kwa kipande cha waya.

Angalia pia ni chaja ya aina gani. Zile nzito zenye transfoma na dayodi bila kapasita hazitoi mkondo laini, zinatoa mapigo 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kila wimbi lina nusu mbili. Chaji inayopita inafuata wastani wa mapigo hayo. Mita iliyowekwa kusoma RMS inakupa namba inayohusu joto la waya, na hiyo daima iko juu ya wastani mapigo yanapokuwepo. Kwa nusu-mawimbi kamili tofauti ni asilimia 11. Chaja ya namna hii ikisukuma betri inapitisha mkondo kwenye ncha tu za mawimbi, kwa hiyo tofauti inakuwa kubwa zaidi ya hapo. Weka klampu kwenye DC. Ukiiweka kwenye AC hupimi unachokitafuta, maana mkondo unaokwenda na kurudi sawasawa ukiuintigreti kwa wimbi zima unapata sifuri.

Na umeme ulikatika? Hukusema. Usomaji wa kila saa hauwezi kukuonyesha kukatika kwa nusu saa kati ya saa 2 na saa 3, na hapo ungekuwa umehesabu 5Ah ambazo hazikupita. Kukatika baada ya saa 4 ni rahisi kukugundua: volti za betri zinalegea, umeme ukirudi chaja inasukuma kwa nguvu kwa muda, na ule uwiano wa 0.61 unavurugika kwa usomaji unaofuata kuwa juu kuliko ilivyotarajiwa. Kwako uwiano umetulia, kwa hiyo mchana wako ulikuwa salama. Kuhusu asubuhi, uliza waliokuwepo nyumbani.

La mwisho ni kuhusu maana ya hiyo 37.3. Ni chaji iliyopita kwenye waya, siyo yote utakayoitoa. Betri ya asidi ikikaribia kujaa, sehemu ya mkondo inapasua maji kuwa gesi, ndiyo mapovu unayoyasikia ukiweka sikio. Betri nzima kiafya hurudisha kama asilimia 85 hadi 95 ya ilichopokea, kwa hiyo tarajia kati ya 32 na 35Ah. Ukitaka kuhakikisha, iwashie taa ya gari ya 12V yenye wati 55, soma ampia kila nusu saa na ujumlishe trapeza vilevile. Itaanza karibu na ampia 4.5, na kwa kuwa inashuka kidogo sana, hapo hata njia ya fundi wako itakupa jibu zuri. Simama ukishatoa hizo 32 hadi 35, au mapema zaidi kama volti zimefika 11.8 taa ikiwa inawaka, kisha ulete namba hapa.